Muuguzi Amebadilika Wodini: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuandika Barua ya Onyo

Nimesimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya kwa miaka kadhaa, na katika muda huo niliandika barua mbili za onyo ambazo hadi leo zinaniuma. Zote mbili ziliwaendea watu ambao tatizo lao lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la zamu, mezani kwangu, kila siku. Sikulisoma. Namwandikia muuguzi kiongozi wa wodi ambaye ana mtumishi aliyekuwa mzuri na sasa habebeki, na hajui aanzie wapi.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu unaombadilisha mtumishi namna hii kuwa hali inayotokana na kazi, na halikuuweka kwenye kundi la magonjwa. Unatokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa, na unajionesha kwa mambo matatu: mtu kuishiwa nguvu kabisa, moyo wake kujitenga na kazi hata akaanza kuidharau, na ufanisi wake kushuka. Hapa nitauita uchovu sugu wa kazi. Maelezo hayo yana jambo moja kubwa kwa kiongozi: kama chanzo kiko kazini, basi pa kuanzia kutafuta ni kazini, kabla hujaanza kuchimba tabia ya mtu.

Dalili: hasemi hapana kamwe

Hii ndiyo dalili inayotangulia nyingine zote, na ndiyo inayotupita kwa sababu inatufurahisha. Mtu haji zamu ya usiku, unapiga simu, unajua kabisa nani atapokea. Anapokea. Anakuja. Kesho yake unampigia tena kwa sababu jana alikuja. Wodi nyingi zina watu wawili au watatu wa namna hii, na kiongozi akiulizwa ni nani anayemtegemea atawataja hao hao.

Angalia vitu vidogo kwa mtu huyu. Anaacha kula chakula cha mchana na wenzake, anakunywa soda akiwa amesimama. Likizo yake imesogezwa mara mbili na hakulalamika. Anabaki baada ya makabidhiano kumalizia rejista. Ukimwuliza kama amechoka atasema hapana, na anasema kweli kwa jinsi anavyojiona, maana amekwisha kuzoea. Kwa hiyo swali hilo usiliulize. Mwulize mara ya mwisho alilala nyumbani usiku mzima bila simu ya kazi ilikuwa lini. Akianza kuhesabu kwa vidole na kukwama, umepata jibu.

Dalili: amekuwa mkali kwa wagonjwa

Mama aliye kwenye uchungu anaitwa "kitanda cha nne". Ndugu wanajibiwa mkato. Mwanafunzi akiuliza swali anaambiwa akasome. Malalamiko yanafika kwenye sanduku la maoni na jina la mtu mmoja linajirudia.

Wengi tunakimbilia kusema ana roho mbaya. Mtu aliyekuwa mkali tangu siku ya kwanza ana shida nyingine, na hiyo ina taratibu zake. Lakini aliyefanya kazi miaka mingi kwa upole kisha akabadilika ndani ya miezi michache, huyo anajikinga. Amegundua kwamba akimwangalia kila mama usoni hawezi kufika mwisho wa zamu, kwa hiyo ameacha kuangalia. Ukali unaleta nafasi kati yake na mgonjwa. Unamtesa mgonjwa, na haifai kuuvumilia hata siku moja, lakini ukiuadhibu bila kugusa kilichouleta, mtu ataacha kusema maneno makali na kubaki na moyo ule ule uliofungwa. Hapo dalili itahamia mahali ambapo huioni, na mara nyingi inahamia kwenye makaratasi.

Dalili: patografu zinajazwa baada ya mtoto kuzaliwa

Kwenye wodi ya wazazi, hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mama akiwa kwenye uchungu mkali, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa na kuandikwa kila baada ya nusu saa. Chukua patografu za wiki moja, kaa nazo. Patografu ya kweli ina fujo kidogo: 136, 144, 128, nukta moja imepinda, wino umebadilika kwa sababu zamu ilibadilika. Ya kupika ni safi mno. Mapigo ni 140 kuanzia juu hadi chini, wino ni mmoja, mwandiko umelala upande mmoja kama mtu aliyeandika yote kwa pumzi moja.

Ukikuta patografu za namna hiyo kwa mtu mmoja tu, anza naye. Ukizikuta kwa zamu zote za usiku bila kujali nani alikuwepo, usimwite mtu yeyote ofisini. Hiyo ni wodi nzima inakueleza kwamba watu wawili hawawezi kuwasikiliza mama wanane kila nusu saa na wakati huo huo wapokee mtoto, waweke dripu na kumsindikiza mwingine chumba cha upasuaji.

Kabla hujasema ni kazi

Dalili hizo hizo zinaweza kutoka kwingine, na ukikosea hapa utapunguza zamu za mtu asiyehitaji kupunguziwa huku anayehitaji daktari anaendelea kuzama.

Uchovu wa kawaida unaisha mtu akipumzika. Akirudi kutoka mapumziko ya siku nne akiwa na uso wake wa zamani na akakaa hivyo wiki kadhaa, alikuwa amechoka tu. Mwenye uchovu sugu anarudi amepoa, lakini ukimtazama siku ya tatu ni kama hakuondoka.

Sonona haibaki kazini. Mwenye uchovu sugu bado anacheka na watoto wake, bado anakwenda kwaya au msikitini kwa furaha, anachokichukia ni lile geti la hospitali. Akikwambia hata nyumbani hakuna kinachompendeza, halali au analala kutwa, anajiona hana thamani, usimpe ratiba mpya ukadhani umemaliza. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na akidokeza kwamba afadhali asingekuwepo, usimwache peke yake wala usimrudishe kwenye zamu, mfikishe mwenyewe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Mwili nao una yake. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, ujauzito ambao bado hajausema. Sisi wauguzi tunapima watu siku nzima na hatujipimi.

Kisha kuna pesa, na hapa uliza kwa heshima. Wapo wanaotoka zamu yetu ya mchana wakaingia zamu ya usiku kwenye zahanati binafsi kwa sababu mshahara unakatwa na mikopo, ile ya kausha damu ikiwemo. Ratiba yako inaweza kuwa nyepesi kabisa na bado mtu akaja amelala. Kumpunguzia zamu hapo kunampa tu nafasi ya kwenda kule mara nyingi zaidi. Anachohitaji ni kuzungumza na mtu anayeweza kumsaidia kupanga upya deni, chama cha kuweka na kukopa kwa mfano, na wewe kukubaliana naye wazi kuhusu masaa yasiyogongana.

Mwisho, kifo cha mama. Kama mabadiliko yalianza tarehe fulani unayoweza kuitaja, angalia kwenye rejista nini kilitokea siku hiyo. Mtu aliyeshika mkono wa mama aliyevuja damu hadi akafa hajachoka, ameumia. Zamu chache hazimtibu, anahitaji mazungumzo ambayo nitayafikia hapo chini.

Sasa fungua daftari la zamu

Ukishaondoa hayo, hesabu. Nitatumia wodi yangu ilivyokuwa.

Tulikuwa wauguzi 12 kwenye karatasi. Asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 8 mchana, walitakiwa wanne. Jioni, saa 8 hadi saa 2 usiku, wawili. Usiku, masaa 12 hadi saa 2 asubuhi, wawili. Hiyo ni masaa 24 ya watu wa asubuhi, 12 ya jioni na 24 ya usiku, jumla 60 kwa siku, 420 kwa wiki. Wauguzi 12 kwa masaa 40 kila mmoja ni 480. Kwenye karatasi nilikuwa na ziada ya masaa 60, na kila nilipopeleka kilio changu niliambiwa hivyo hivyo: ikama yako imejaa.

Lakini karatasi haiendi likizo. Likizo ya mwaka kwa sheria ya hapa Tanzania ni siku 28. Watu 12 mara 28 ni siku 336, yaani karibu mwaka mzima kuna mtu mmoja hayupo. Mwingine alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mwingine alikuwa masomoni akisomea stashahada, jina lake bado liko kwenye ikama yetu. Wakabaki 9. Mimi mwenyewe nusu ya muda wangu ilikuwa vikao, ripoti na maombi ya dawa, kwa hiyo nihesabu nusu. Watu 8 mara 40 ni 320, ongeza 20 zangu, 340. Kazi ilihitaji 420. Kila wiki masaa 80 yalikuwa hayana mwenyewe, na bado yalifanyika. Swali ni nani aliyafanya.

Kama watu wote 8 wangegawana, kila mmoja angeongezewa masaa 10. Ni mazito, lakini yanabebeka kwa muda. Hayakugawanywa. Yaliwaangukia watatu, wale wanaopokea simu. Masaa 80 kwa watu watatu ni karibu 27 kila mmoja, juu ya 40 zao: wiki ya masaa 67. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, na muda wa ziada usiozidi masaa 50 ndani ya wiki nne. Hawa walikuwa na ziada ya masaa 22 kila wiki, 88 kwa wiki nne. Nilikuwa navunja sheria kwa simu yangu mwenyewe, nikiwashukuru kwa moyo wa kujitolea.

Mmoja wao ndiye niliyemwandikia barua ya pili. Mkunga wa miaka tisa, mikono yake ndiyo tuliyokuwa tukiiita kitovu kikitangulia. Usiku mmoja mtoto alizaliwa amechoka, akahuishwa, akapona, na patografu ilikuwa na 140 kutoka juu hadi chini. Nikaandika barua. Matroni aliisoma, akaiweka mezani.

"Mwanangu, huyu jana yake alikuwa wapi?"

"Alikuwa kazini, Mama."

"Na juzi?"

Sikuwa na jibu. Akanisukumia daftari. Nilikaa nalo jioni ile nikihesabu wiki nne zilizopita, si ratiba niliyopanga bali ratiba iliyotokea, pamoja na mabadiliko yote ya kalamu nyekundu. Alikuwa amefanya zamu 13 za usiku na 18 za mchana. Masaa 264, wastani wa 66 kwa wiki. Siku tano aliunganisha jioni na usiku, masaa 18 mfululizo, wakati sheria inasema mtu asizidi 12 kwa siku. Katika siku 28 alipumzika mbili.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mtu wako. Inachukua jioni moja. Tazama vitu vinne tu: jumla ya masaa yaliyotokea kweli, idadi ya usiku, siku kamili za mapumziko, na mara ngapi kati ya zamu moja na nyingine kulikuwa na pungufu ya masaa 12, ambayo ndiyo mapumziko ya chini ya kila siku kisheria. Kwa ratiba ya saa zetu, mtu anayetoka jioni saa 2 usiku na kuingia kesho saa 2 asubuhi anaonekana ana 12 kamili. Toa nusu saa ya makabidhiano, toa daladala kwenda na kurudi, amebaki na usingizi wa masaa matano au sita. Hiyo nayo ihesabu kama kosa la ratiba.

Kupunguza mzigo bila kusubiri ajira mpya

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa dogo, na ndilo lililosaidia haraka: orodha ya kuitwa. Majina yote yanabandikwa ukutani. Zamu ikipata pengo anapigiwa wa kwanza kwenye orodha, akija jina lake linashuka chini kabisa. Hakuna anayeitwa mara mbili ndani ya siku saba, wala kabla ya masaa 12 kupita tangu atoke. Na anapokuja, siku yake ya kufidia inaandikwa kwenye ratiba hapo hapo, si kwa ahadi. Tegemea kelele. Wale ambao walikuwa hawapokei simu wataona wameonewa. Wiki mbili za mwanzo nililazimika kuwapigia mimi mwenyewe na kukubali lawama, na mara moja nilikaa usiku ule mwenyewe kwa sababu wa kwanza, wa pili na wa tatu kwenye orodha walikuwa na sababu za kweli.

La pili ni kuondoa kazi zisizo za uuguzi. Kwa siku saba kila aliyetoka nje ya wodi aliweka alama kwenye karatasi mlangoni: kupeleka sampuli maabara, kufuata dawa bohari, kufuata damu, kupeleka mashuka, kumsindikiza mama kwenye picha ya mionzi ya sauti. Safari 63, kila moja wastani wa dakika 20. Masaa 21 ya wauguzi yalikuwa yakipotelea kwenye veranda. Tulikubaliana mhudumu wa afya apeleke sampuli za kawaida saa 3 na saa 6, za dharura tu ndizo ziende wakati wowote. Dawa tukaanza kuagiza bohari mara moja kwa wiki kwa orodha, badala ya kukimbia kila kopo linapoisha.

Hapa wengi wanakosea, na nilikosea pia. Masaa ya kazi uliyookoa hayapunguzi zamu za mtu yenyewe. Wodi inakuwa nyepesi kidogo, basi, na watu wanaendelea kuja masaa yale yale. Ili mapumziko yapatikane lazima ubadilishe idadi kwenye ratiba. Asubuhi za Jumamosi, Jumapili na Jumatano hatukuwa na upasuaji wa kupangwa, kwa hiyo baada ya safari kupungua tuliweza kushusha wanne wakawa watatu siku hizo. Masaa 6 mara 3, masaa 18. Pengo likatoka 80 hadi 62. Kwa watu 8 ni chini kidogo ya masaa 8 kila mmoja kwa wiki. Bado ni ziada, ila sasa iko ndani ya sheria na iko kwa wote.

Usishushe idadi ya usiku kwa njia hii. Nimeona wodi ikifanya hivyo, muuguzi mmoja akabaki na chumba cha kujifungulia, na ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumpoteza mtu na kumpoteza mama.

La tatu ni kwenda juu na namba. Miaka yote nilikuwa nasema "tumezidiwa", neno ambalo kila wodi inalisema kila kikao. Safari hii nilipeleka ukurasa mmoja: masaa yanayohitajika 420, yaliyopo 340, nani hayupo na kwa nini, nini tumeshafanya wenyewe, na ombi moja la muuguzi wa mkataba kwa mapato ya ndani ya hospitali. Ilichukua miezi mitano. Alipokuja na masaa yake 40 pengo likashuka hadi 22, pungufu ya masaa 3 kwa kila mmoja wetu. Kwa aliyekuwa masomoni sikuweza kufanya lolote, na kiongozi wa wodi asijilaumu kwa yale ambayo mamlaka yake hayafiki.

Kalenda ya likizo iliingia Januari iliyofuata. Kila mtu alichagua mwezi wake, watu wawili hawakuruhusiwa kuondoka pamoja, na iliyopangwa haikusogezwa ila kwa maandishi yangu na sababu. Nilipolazimika kuandika sababu niligundua kwamba mara nyingi sikuwa nayo.

Tabia za kiongozi zinazozuia hali isirudi

Toa ratiba mapema. Yetu ilikuwa ikitoka jioni ya tarehe 30, watu wanapiga picha ya ubao kujua kesho waje lini. Nikaweka tarehe 20 ya mwezi unaotangulia. Mtu akijua wiki mbili kabla kwamba Jumamosi fulani ni yake, anaweza kuahidi harusi, shamba, kanisa, mtoto. Kutojua kesho yako kunachosha hata siku ambayo hukuitwa.

Nyamaza kwenye simu. Kundi la Wasapu la wodi yetu lilikuwa na ujumbe hadi saa 5 usiku: nani hakuandika rejista, nani aliacha trei chafu. Aliye mapumzikoni anasoma, moyo unamdunda, usingizi umekwisha. Tulikubaliana kundi ni la ratiba na taarifa za dharura. Makosa yanasubiri mtu arudi kazini, na yanasemwa ana kwa ana. Aliyekuwa wa mwisho kuizoea sheria hiyo ni mimi.

Mama akifa, kaa na zamu ile ndani ya siku mbili, kabla ya kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi. Vikao hivi viwili usivichanganye hata kidogo. Kile cha mapitio kinatafuta nini kilikosekana, na watu wanakuja wamejiandaa kujitetea. Hiki cha kwanza hakina karatasi. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha chai, naanza kwa kueleza mimi nilikuwa wapi na nilisikia nini, kisha nanyamaza. Wakati mwingine wanaongea, wakati mwingine mmoja analia na wengine wanakaa tu. Dakika ishirini. Baada ya hapo naangalia ratiba: aliyekuwa mkunga wa mama yule asirudi chumba kile usiku unaofuata, isipokuwa aombe mwenyewe.

Chukua usiku mmoja kila mwezi, wewe kiongozi. Si kwa ajili ya kuonesha mfano. Ukikaa pale saa 9 usiku utaona kwamba taa ya kitanda cha pili imekufa, kwamba ufunguo wa kabati la oksitosini unafuatwa jengo lingine, kwamba maji ya kunywa ya wauguzi yanaisha saa 6. Mambo haya hayaandikwi kwenye ripoti ya zamu kwa sababu aliyechoka haoni kama yanarekebishika. Mimi ule ufunguo nilikuja kuujua mwaka wa tatu.

Na posho ya muda wa ziada ikichelewa, sema ukweli siku unayojua. Watu wanavumilia kucheleweshwa kuliko wanavyovumilia kuambiwa "wiki ijayo" kwa miezi minne. Kila "wiki ijayo" inayopita inawafundisha kwamba jasho lao halihesabiwi, na aliyefikia kuamini hivyo hutamrudisha kwa ratiba nzuri pekee.

Umefanya yote na bado hajarudi

Inatokea. Mzigo ukipungua, nguvu zinarudi kwanza, kwa wiki chache. Upole kwa wagonjwa unarudi taratibu zaidi. Kujiamini kunachelewa kuliko vyote. Kwa hiyo usipime kwa mwezi mmoja, na usimwulize kila siku anaendeleaje. Tazama patografu zake, tazama kama amekaa kula na wenzake. Zikipita wiki nane za ratiba iliyotulia bila mabadiliko yoyote, rudi kwenye sehemu ya sonona na mwili hapo juu, na mpeleke akaonwe kama hujafanya hivyo.

Mkunga wangu wa miaka tisa alipumzika kwanza siku 28 zake zilizokuwa zimesogezwa. Aliporudi aliniambia, "Dada, mikono iko sawa, ila nikisikia mama analia nataka kukimbia." Hakuwa tayari kwa chumba cha kujifungulia. Tulikubaliana aende kliniki ya mama na mtoto kwa miezi sita, mchana tu, na tukaandika tarehe ya kuzungumza tena ili asidhani ametupwa. Uhamisho usio na tarehe watu wanausoma kama adhabu. Barua yangu ya onyo niliomba iondolewe kwenye jalada lake, na nilimwambia mwenyewe nimeiondoa na kwa nini.

Mwezi wa sita alisema atajaribu. Asubuhi aliyorudi hakuja ofisini kwangu. Alisimama mbele ya ubao wa ratiba, akahesabu kwa kidole zamu zake za usiku kwa wiki nne zijazo. Zilikuwa sita, hakuna tatu zilizofuatana. Akahesabu mara ya pili, kisha akaenda kunawa mikono.